Ripoti Iliyofeli ya Kipande cha Nne

Mimi ndiye niliyeichapa ile ripoti kwa vidole vyangu hivi, kwa hiyo asije mtu akanisimulia habari za kusikia. Naitwa Long Shuyan. Nilikuwa karani wa nyaraka kwenye mradi wa kupeleka maji Ganyan, kijiji cha juu kabisa kule milimani, ambako mvua inanyesha karibu kila siku na maji yote yanazama kwenye mashimo ya mawe kabla hujaweka ndoo. Nataka kuwaeleza habari za Fundi Mu Shiquan, mpimaji wetu wa shinikizo, maana tangu astaafu watu wanamsimulia vibaya. Wanasema alikuwa mkali. Mkali! Mkali ni pilipili. Yule alikuwa kitu kingine.

Kazi yake ilikuwa hivi. Mabomba yakishalazwa mtaroni, kabla ya kuyaamini, unayafunga huku na huku, unayajaza maji, unayaacha yalowe mchana na usiku mzima, halafu unayabana kwa pampu mpaka shinikizo lizidi lile la kazi yake ya kila siku. Kisha unakaa unatazama mshale wa geji, kile kisahani cha kupimia shinikizo. Mshale ukitulia, bomba ni zima. Ukishuka, kuna mahali panavuja. Fundi Mu aliifanya kazi hiyo miaka thelathini na moja, wilaya za watu. Kila alikopima, watu walifungua mabomba wakalipua fataki kwa furaha. Kwao Ganyan, mkewe alikuwa anakinga maji ya paa.

Basi fikiria siku alipopangiwa mradi wa Ganyan, miezi minne kabla ya kustaafu. Alikuja ofisini kwangu, yaani lile kontena la bati lenye meza mbili, akasimama kuitazama ramani ukutani. Akaweka kidole mwisho wa mstari wa buluu.

"Nyumba yangu iko hapa," akasema.

"Hongera, Fundi."

"Hongera ya nini? Bomba bado hata halijashushwa kwenye lori."

Huyo ndiye Fundi Mu.

Sasa kulikuwa na jambo jingine, na ndilo lililotuchemsha sote. Fundi alikuwa na mwana mmoja tu, Mu Kaiming, miaka thelathini na moja, mrefu, mcheshi, mikono kama koleo. Alikuwa kwenye kikosi chetu cha kulaza mabomba. Mchumba wake alikuwa Ran Yaqiong, binti wa Hekou, kule chini mtoni, msichana wa kucheka kwa sauti mpaka kuku wanakimbia. Walipendana miaka mitatu. Kikwazo kilikuwa mama mtu. Mama Yaqiong alishaozesha binti mkubwa katika kijiji kimoja cha juu. Wakwe walimwonyesha karatasi yenye muhuri kwamba maji yamefika. Kweli bomba lilikuwepo uani, linang'aa. Lilikohoa hewa miaka mitatu. Binti akawa anabeba ndoo na mimba juu.

Kwa hiyo alipokuja kuposwa Yaqiong, yule mama alisema mbele ya washenga wote: "Siku maji yatakapotoka jikoni kwa Mu, mwanangu ataingia jikoni kwa Mu. Yasipotoka, Kaiming ni kijana mzuri, atapata mwingine."

Siku ya harusi ilishatazamwa kwenye kalenda: tarehe kumi na sita, mwezi wa kumi wa kalenda yetu ya zamani. Ikipita hiyo, siku nyingine njema kwa nyota za wale wawili ilikuwa mwaka wa pili baadaye. Mama Yaqiong alishamtazamia binti yake mtu mwingine, mwenye duka la vigae mjini, na hakuficha.

Vipande vitatu vya kwanza vilipita vizuri. Kikabaki cha nne, cha mwisho, mita mia nane sitini mpaka kwenye tangi la Ganyan. Tukakipima tarehe mbili ya mwezi huohuo wa kumi, asubuhi, manyunyu yanadondoka.

Fundi Mu alikuwa na utaratibu wake, na ole wako uuguse. Pampu na geji vinakaa upande wa chini wa kipande, kwa sababu huko ndiko uzito wa maji unakolemea. Geji mbili, zote zimehakikiwa, vyeti mkononi. Anapandisha shinikizo hatua kwa hatua, kila hatua anasimama, anatuma watu kukagua viungio. Na hakuna, nasema hakuna, mtu kusimama mbele ya kizibo cha mwisho. Siku moja Meneja Qin, bosi wetu wa saiti, mtu mnene mwema mwenye simu tatu, alisimama pale akiongea na simu mojawapo. Fundi alimvuta kwa mkanda wa suruali.

"Kikifyatuka hicho," akamwambia, "mkeo atakuzika bila tumbo."

Shinikizo la kazi la kipande kile lilikuwa kilo sita, kama tunavyosema saiti. La kupimia, kilo kumi na moja, ambazo kwenye karatasi ni megapaskali 1.1. Sharti la kukubalika lilikuwa wazi kama mchana. Kwanza unashikilia kumi na moja kwa nusu saa. Hapo mshale ukishuka unaruhusiwa kuongeza maji kidogo, na watu wanapita kukagua. Kisha unaacha kabisa kuongeza, unafunga vali ya pampu, unahesabu dakika kumi na tano. Mshale usishuke zaidi ya nukta tatu ya kilo. Ukifaulu hapo, unateremsha hadi kilo sita, shinikizo la kazi, unakaa nusu saa nyingine watu wakipita kila kiungio, na kusionekane hata unyevu. Yote mawili yakitimia, imekubalika. Moja likikosa, haijakubalika.

Dakika kumi na tano za Fundi Mu hazikuwa na maneno. Alikaa kwenye kigoda, chupa ya chai miguuni, saa ya bei rahisi kiganjani. Mimi nilisimama na fomu chini ya mwavuli. Mkaguzi Xie, aliyetumwa na wenye mradi kushuhudia, kijana mkimya wa miwani, alisimama pembeni na fomu yake. Kaiming na wenzake walikaa ukingo wa mtaro wanakula viazi vya kuchoma. Nilimwona Kaiming ananitazama, anainua kidole gumba. Mimi nikainua changu. Sikujua kitu.

Dakika ya tano, kumi nukta nane. Dakika ya kumi, kumi nukta sita na ushee. Dakika ya kumi na tano, kumi na nusu barabara.

Umeshuka nusu kilo. Ruhusa nukta tatu.

Meneja Qin alicheka kicheko cha mtu aliyebanwa. "Hewa hiyo. Kaka Mu, si ni hewa? Mabomba mapya yana hewa."

"Hewa ningeiona," Fundi akasema bila kuondoa jicho kwenye geji. "Bomba lenye hewa, mshale unapanda kwa kujikokota na unatetemeka. Huu ulipanda vizuri na hautetemeki. Unashuka taratibu tu. Hapa maji yanatoka."

"Basi hata kama. Nusu kilo ni nini? Maji kiasi gani hayo?"

"Lita mbili hivi. Birika moja la chai."

"Birika moja! Kwenye mita mia nane sitini!" Meneja akachuchumaa karibu yake, akashusha sauti, lakini mimi nina masikio. "Kaka Mu. Leo tarehe mbili. Tuchimbe, tukarabati, tujaze, tuloweshe, tupime tena. Halafu kusafisha, kuweka dawa, kupeleka sampuli maabara. Harusi ya mwanao ni tarehe kumi na sita. Umepiga hesabu? Andika kumi nukta nane. Nani atakufa?"

Fundi Mu alifungua chupa, akanywa chai, akaifunga. Jamani, nilimwonea huruma. Alimtazama mwanawe kule kwenye ukingo wa mtaro, akatazama tena geji.

"Dada Long," akaniita. "Andika. Mwanzo kumi na moja. Mwisho kumi na nusu. Kushuka nukta tano. Ruhusa nukta tatu. Haikubaliki."

Sasa nikiri kitu. Sisi makarani wa nyaraka tuna tabia yetu, na msiseme kwenu haipo. Fomu tunaziandaa mapema. Tarehe tunaacha wazi, namba tunaacha wazi, lakini pale chini, kwenye neno la mwisho, "Inakubalika" huwa tumeshalichapa zamani. Miaka tisa ya kazi, sikuwahi kuchapa neno jingine. Nilisimama na ile fomu, kalamu mkononi, sijui pa kuandika.

"Nini tena?" akauliza.

"Fundi... fomu imeshasema inakubalika."

Akaichungulia ile fomu. "Kumbe fomu yako ina akili kunizidi. Mimi nimekaa hapa na baridi yote hii, kumbe ningeiuliza fomu!"

Wale kwenye ukingo wa mtaro wakaangua kicheko. Nilitamani mtaro unifukie. Nikakata lile neno kwa mstari, nikaandika juu yake kwa mkono, herufi kubwa: HAIKUBALIKI. Mkaguzi Xie akasaini. Fundi akasaini. Meneja Qin alizungukazunguka, akapokea simu isiyolia, mwishowe naye akasaini.

Kisha Fundi akashusha shinikizo mpaka kilo sita, akachukua fimbo yake ya chuma, akaanza kutembea. Ncha moja anaigusisha kwenye bomba, ncha nyingine sikioni. Kiungio hadi kiungio. Viungio vyote vilikuwa wazi, havijafukiwa, kama inavyotakiwa kabla ya kupima, isipokuwa kimoja: namba tisini na saba, pale mtaro unapokata njia ya kwenda kijijini. Watu wa Ganyan walikuwa wamelalamika kwamba pikipiki zao haziwezi kuvuka, kikosi kikakifukia mapema. Fundi alifika hapo, akachoma fimbo udongoni mpaka ikagusa chuma, akafumba macho.

"Njoo usikilize," akaniambia.

Nikaweka sikio. Ilikuwa sauti nyembamba, kama mtu anayepuliza chai ya moto.

"Nani alifunga hiki?" Fundi akauliza.

Nikamwona Kaiming kiazi kimemkwama mdomoni.

Walitoa kwanza shinikizo lote, maana kuchokora kiungio kilichobanwa ni kujitafutia kilema. Wakamwaga maji ya bomba, wakachimba kwa mikono, na kesho yake wakalivuta lile bomba nyuma kwa winchi. Fundi aliingia mtaroni mwenyewe kwa magoti. Bomba moja lina mdomo mpana, jingine linaingiza mkia ndani yake, katikati kuna raba nene ya mviringo inayobana. Alipoichomoa ile raba tuliona wote. Chini yake, kati ya raba na chuma, palikuwa na uzi mwekundu wa sufu uliokunjwa mara mbili, na fundo katikati. Pale penye fundo raba ilikuwa imeinuka unene wa punje ya mchele. Hapo ndipo maji yalipojipenyezea.

Kwetu ukipandisha boriti ya paa unaifunga kitambaa chekundu cha baraka. Vyombo vya bibi harusi navyo, kuanzia kabati hadi sufuria, vinatoka nyumbani vimefungwa chekundu. Hakuna mtu wa milimani angeuona uzi ule asielewe.

"Baba," Kaiming akasema.

"Hapa hakuna baba. Hapa kuna fundi na kibarua. Sema."

"Fundi. Ni mimi." Uso umemwiva. "Ndilo bomba la kwanza linaloingia kwenye ardhi yetu. Nilisema nilifunge kidogo tu, kama... kama bibi harusi anaingia. Nililifunga mbali, nyuma ya ile mistari myeupe inayoonyesha mkia unaingia mpaka wapi. Uzi ukateleza kwenye sabuni ya kulainisha mkia, mvua inanyesha, tunalishusha na kamba. Tulipokwisha kulisukuma nikatafuta uzi siuoni. Nikadhani umedondoka matopeni."

"Ukadhani."

"Nilidhani."

"Na ukanyamaza."

"Nikanyamaza."

Mmoja wa vibarua hakuweza kujizuia. "Kaiming kaoa bomba!" Basi tena, ikawa kicheko mtaro mzima, mpaka Mkaguzi Xie alivua miwani akaifuta. Fundi Mu peke yake hakucheka. Alipanda juu, akaniambia, "Kwenye sababu ya kufeli, andika: uzi wa sufu chini ya raba, kiungio tisini na saba, umewekwa na Mu Kaiming."

"Fundi, jina lazima?"

"Vipande vyote nilivyofelisha miaka thelathini na moja, niliandika jina. Leo nisiandike kwa sababu tunafanana pua?"

Nikaandika. Iliniuma, lakini niliandika.

Habari za milimani hazihitaji pikipiki. Jioni hiyohiyo kundi la simu la Hekou lilikuwa limejaa: maji ya Ganyan yamefeli. Asubuhi, tukiwa tunakunywa supu chachu ya samaki kwenye kontena, ikaingia pikipiki ya magurudumu matatu, na juu ya magunia ya pilipili amekaa Mama Yaqiong. Mwanamke mfupi, mpana, koti la maua, hajaja kusalimia. Yaqiong nyuma yake, macho mekundu.

"Yuko wapi huyo mpimaji?"

Fundi Mu akasimama, bakuli mkononi.

"Fundi Mu. Nimesikia bomba lenu limefeli. Kweli au uongo?"

Meneja Qin akarukia: "Aa, shangazi, ni tatizo dogo la kiufundi, mambo ya kawaida..."

"Wewe nimekuuliza?"

"Kweli," Fundi akasema. "Limefeli."

"Limefeli kwa nini?"

Kaiming alikuwa mlangoni. Nilimwona Fundi anavuta pumzi. Kama kuna saa angeweza kusema raba mbovu, kiwanda, mvua, ilikuwa hii. Akageuka kwangu. "Dada Long, mpe ripoti asome."

Nikampa. Niliona harusi inakwenda na ile karatasi. Alisoma polepole, kidole kinafuata mstari, midomo inacheza. Kumi na moja. Kumi na nusu. Ruhusa. Alipofika kwenye sababu, kidole kikasimama. Akainua macho kwa Kaiming.

"Uzi wa nini?"

Kaiming hakuwa na pa kukimbilia. "Wa Yaqiong, mama. Kwa ajili yake."

Yaqiong akapiga kile kicheko chake, katikati ya machozi, kuku wa jirani wakatawanyika. Mama yake hakucheka. Alinirudishia karatasi.

"Mnapima tena lini?"

"Kesho kutwa," Fundi akasema. "Leo tunasafisha na kuweka raba mpya, tunajaza jioni. Mchana na usiku lilowe, halafu tunapima."

"Nitakuja," akasema, akapanda juu ya pilipili zake, akaondoka na binti yake. Hatukujua kama ni heri au ni shari.

Siku mbili zile Kaiming alifanya kazi ya watu watatu. Alipangusa mkia wa lile bomba mpaka ungeweza kunyoa ndevu ukijitazama. Raba mpya aliizungushia kidole kote, akaizungushia tena. Baba yake alisimama juu ya mtaro, hakumwambia hata neno moja. Ila saa ya chakula nilimwona anachukua kipande cha nyama ya moshi kutoka bakuli lake, anamtupia mwanawe kwenye lake. Kisha akaondoka haraka, kama mtu aliyeiba.

Siku ya kupima tena mvua ilikata. Mama Yaqiong alifika kabla yetu. Amekuja na kigoda chake mwenyewe! Akakiweka ubavuni kwa kigoda cha Fundi, mbele ya geji, akakaa.

"Nifundishe kusoma hiki kisahani."

Fundi Mu alimtazama, halafu akachuchumaa akamfundisha. Mstari mkubwa kilo moja, vidogo ni sehemu zake, usome ukitazama mbele yake, usisome ubavuni. Alielewa kwa dakika mbili. Tangu ujana anapima pilipili kwenye mzani wa sokoni, ungemwibia nini?

Bomba lilishalowa, tukatoa hewa kwenye vali ya juu mpaka maji yakatoka bila kukohoa. Tukapandisha, hatua kwa hatua. Meneja Qin, simu sikioni, akaanza kusogea kuelekea kile kizibo.

"Wewe mnene!" Mama Yaqiong akapaza sauti. "Toka hapo! Unataka kuzikwa bila tumbo?"

Sijui nani alimweleza. Fundi Mu alikohoa, akageuza uso, mabega yanatikisika kwa kicheko.

Nusu saa ya kwanza ikapita, viungio vyote mia na zaidi vikakaguliwa. Vali ikafungwa. Dakika kumi na tano zikaanza. Mimi na fomu yangu, na safari hii pale chini nilikuwa nimeacha wazi kabisa. Yaqiong alisimama upande wa pili wa mtaro na Kaiming, wameshikana vidole vya mwisho, wanadhani hatuoni. Dakika ya tano, kumi na moja. Dakika ya kumi, kumi na moja kasoro kidogo mno. Nilisikia mtu anatafuna kucha, kumbe ni mimi.

"Muda," Fundi akasema. "Mama Yaqiong, soma."

"Mimi?"

"Si umejifunza?"

Akainama, pua karibu iguse kioo. "Kumi nukta tisa."

"Mkaguzi Xie?"

"Kumi nukta tisa."

"Umeshuka nukta moja," Fundi akasema. "Ruhusa nukta tatu. Msishangilie, bado nusu."

Lakini vibarua walishashangilia. Akateremsha hadi kilo sita, akawagawia watu magazeti makavu: kila kiungio ukipanguse kwa gazeti, gazeti likilowa niite. Mama Yaqiong akachukua gazeti lake. Nusu saa nzima alipanda ule mlima na sisi, kiungio kwa kiungio, anapangusa chini, juu, ubavuni, analitazama gazeti juani. Pale tisini na saba alipangusa mara tatu. Kaiming amesimama karibu, hapumui.

"Kavu," akasema mama mtu.

Tuliporudi kwenye kontena nilichapa kwa mikono miwili na moyo wangu wote: mwanzo 1.10, mwisho 1.09, kushuka 0.01, ruhusa 0.03; shinikizo la kazi dakika thelathini, hakuna uvujaji. Halafu, kwa mara ya kwanza katika miaka tisa, nikalichapa lile neno la mwisho nikijua maana yake. Inakubalika. Nakala tatu: wenye mradi, mkaguzi, mkandarasi. Fundi Mu akasema, "Chapa ya nne." Akasaini, Xie akasaini, Meneja Qin akasaini akipiga mluzi. Fundi akaishika ile ya nne kwa mikono miwili, kama inavyopasa, akampelekea Mama Yaqiong.

"Bado kuosha bomba, kuweka dawa na majibu ya maabara," akasema. "Tarehe kumi na nne, kumi na tano. Siwezi kukuahidi mpaka maabara waseme. Lakini bomba halivuji. Hii ni yako."

Mama Yaqiong aliitazama ile karatasi safi, mihuri yake myekundu. Hakuipokea.

"Hii sitaki."

Yaqiong akasema, "Mama!" Nikamwona Fundi Mu uso unamshuka, yule mzee wa watu, karatasi bado iko mikononi mwake. Nilikasirika jamani, nilitaka kumrukia yule mama. Nusu saa mlimani, kavu, kavu, kavu, halafu hutaki?

"Kama hii ninayo nyumbani," akasema. "Wakwe wa binti yangu mkubwa walinipa. Mihuri kama hiyo, neno kama hilo. Kila mtu anayo karatasi ya kufaulu." Akageuka kwangu, akanyoosha mkono. "Nipe ile iliyofeli."

"Ile... yenye jina la Kaiming?"

"Hiyohiyo. Yenye neno lililokatwa."

Nikamtazama Fundi. Akaitikia kwa kichwa. Nikatoa nakala kutoka kwenye faili, nikampa. Aliisoma tena yote, kidole kwenye mstari, kumi na moja, kumi na nusu, haikubaliki, mpaka kwenye jina la mkwe wake. Akaikunja mara nne, akaitia kifuani ndani ya koti la maua.

"Baba aliyemwandika mwanawe hapa," akasema, akijipigapiga kifua, "hatamdanganya mwanangu. Maabara wachukue siku zao. Tarehe kumi na sita namleta, maji yawepo yasiwepo."

Fundi Mu akakaa chini. Hakukuwa na kiti pale, alikaa sakafuni, miguu mbele kama mtoto, akalia waziwazi mbele ya vibarua wake, na mimi nikalia naye, na Meneja Qin akalia simu zote tatu zikimlilia mfukoni.